Foto ya ekra ikifika kwenye WhatsApp: tutafsiri nini, tuache nini?



Leo hatuandike juu ya kosa la patro. Tunaandika juu ya kosa letu sisi wenyewe, badelege wa sindika. Tulilifanya mwaka 2025, siku moja ya mungu usiku, na telefone mukononi, na tulifikiri tunawasaidia watu.

Mnakumbuka ile wakati. Tangu tarehe 22 Februari 2025 Serkali ilisimamisha kutosha kobalti inje ya inchi, kwa miezi 4. Mwezi wa 6 wakaongeza miezi 3, na kisha, tangu tarehe 16 Oktoba, wakaingiza sheria ya kota: kila kampuni inapewa kipimo chake cha kutosha. Katika miezi ile yote, kila asubui kulikuwa habari mupya kwenye telefone. Nyingine ya kweli, nyingine ya bongo, na nyingine ya kweli lakini imetafsiriwa mubaya. Hii ya tatu ndiyo mubaya kupita zote, juu mwenye kuituma ni mutu unayemwamini.

Ile usiku, kamarade mumoja alitutumia foto ya ekra ya telefone yake. Mutu fulani aliandika kwenye Facebook, naye akaikamata foto. Ilikuwa hivi:

```
3 j
#Kolwezi : 2 équipes mises en chômage technique dès lundi.
Tozali bato te ? Bana watakula nini ?
#Cobalt #RDC #DRC #TouchePasAMonPain
Préavis 14 jours ouvrables + 7 par année... Voir plus
```

Angalieni: mistari tano, na ndani muko Kifaransa, Lingala, Kiswahili chetu, na ile DRC ya Kiingereza. Hivyo ndivyo tunavyosema hapa kwetu, hakuna haya ndani. Lakini wamama wengi wa kambi, na wazee waliosoma kidogo, wanatuomba kila mara: "Papa delege, tuwekee mu Kiswahili." Basi tukaweka. Tuliandika hivi, haraka haraka:

"Kolwezi: ekipe mbili wamefukuzwa kazi kuanzia siku ya kwanza. Sisi si watu. Watoto watakula nini? #Kobalti #Kongo #UsigusieMukateWangu. Preavi ni siku 14 na siku 7."

Tukaituma katika grupu tatu. Kabla ya jua kutoka, ilikuwa imefika kambi yote.

Kesho yake, siku ya kwanza asubui, mama mumoja, bibi ya kamarade wa moja ya zile ekipe mbili, aliuzisha konjelateri yake kwa nusu ya bei. Ni ile aliyokuwa anauzishia maji ya baridi na kuku. Alifikiri mwisho wa mwezi watatoka mu nyumba, na konjelateri haibebwe juu ya basi. Bwana yake, mwenye myaka 8 ya kazi, alienda ku biro kuomba hesabu yake ya mwisho. Ku biro hawakukataa. Walimutolea kartasi ingine, imeandikwa juu "départ volontaire", wakamupa na biki. Mungu saidia, alitupigia telefone mbele ya kusinya.

"Papa delege, njo kusema tulishafukuzwa ao apana?"

Hatukuwa na jibu. Ndipo tulikaa chini na ile foto, neno kwa neno, na tukaona ya kuwa katika mistari tano tulikuwa tumeharibu karibu kila kitu. Tunataka kuwaonyesha namna gani, juu kesho ni wewe, ao mutoto wako aliyesoma, mutakayeombwa kuweka foto ya namna ile mu Kiswahili.

Tuanze na chômage technique. Sisi tuliandika "wamefukuzwa kazi". Juu ya nini? Juu neno "shomaje" katika masikio yetu ni mutu asiye na kazi, shomere, mwenye kukaa ku lupango. Lakini "chômage technique" si kufukuzwa. Ni kazi inasimama kwa muda: mashini hazitembei, bidhaa haziuzwi, kampuni inaambia watu wabaki nyumbani mpaka itakapowaita. Kontra haikufa, inalala. Matrikule yako iko, jina lako liko kwenye liste. Mutu aliyefukuzwa anaomba hesabu yake na kutafuta kazi ingine. Mutu aliye katika shomaje tekniki anangoja kuitwa, na anachunga kontra yake sawa yai. Ni njia mbili, kila moja inaenda upande wake. Kwa neno moja tulimutuma kamarade wetu katika njia ya kwanza, naye alikuwa wa njia ya pili.

Basi neno hili tutalitafsiri namna gani? Tulibishana siku mbili. Mumoja wetu alitaka "likizo ya lazima". Lakini likizo ni konje, na konje inalipwa. Watu wangengoja mushahara ambao hakuna mutu aliyewaahidi. Mwingine alitaka "kusimamishwa kazi". Lakini hapa kwetu mutu "aliyesimamishwa" ni yule aliyefanya kosa, anayepewa azabu ya siku kadhaa. Kila neno la Kiswahili tulilolishika lilikuwa tayari na mwenyewe. Mwisho tukakubaliana: neno lenyewe linabaki vile liko, "chômage technique", juu ndilo mutakaloliona kwenye kartasi ya kampuni na ndilo Ispekteri ya kazi atakalolisoma. Lakini hatuliache peke yake. Tunafuatisha maelezo mafupi: "kazi imesimama kwa muda, kontra bado iko". Na juu ya mushahara hatuongeze hata neno, juu foto haikusema kitu juu ya mushahara. Ile itajulikana kwa kartasi ya kampuni na kwa konvansyo kolektive, si kwa kichwa cha mutafsiri.

Ni hivi kwa maneno yote ya sheria. Neno la sheria liko sawa ufunguo wa kufuli moja. Ukilibadilisha na lingine linalofanana, mulango haufunguki. Unaliacha, halafu unalieleza pembeni.

Sasa "jours ouvrables". Hapa kosa letu ni la hesabu, na hesabu ni makuta. Tuliandika "siku 14". Lakini foto haikusema siku 14 tu. Ilisema siku 14 za kazi, na tena "+ 7 par année", maana yake siku 7 zingine za kazi kwa kila mwaka muzima wa utumishi. Ile inatoka katika Kode ya kazi, sheria numero 015-2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Artikle 64 inasema ya kuwa mwajiri akivunja kontra isiyo na muda uliowekwa, preavi haiwezi kuwa chini ya hapo. Sisi, kwa kuacha maneno mawili, "par année", tulifanya mutu afikiri preavi yote ni siku 21, awe mutu wa mwaka moja ao wa myaka 20.

Tuhesabu kwa kamarade wetu wa myaka 8, kama kweli wangevunja kontra yake. Mara 7 kwa myaka 8 ni 56. Ongeza 14, inakuwa siku 70 za kazi. Sasa, siku ya kazi ni kila siku ya juma, lakini siku ya pumziko haihesabiwe, na sikukuu za Serkali hazihesabiwe. Kama pumziko ni siku ya mungu, juma moja liko na siku 6 za kazi. Kwa hiyo siku 70 za kazi ni majuma 11 na siku 4. Preavi ikianza siku ya kwanza, itaisha siku ya ine ya juma la 12, na kama katikati kuko sikukuu, inasogea tena mbele. Kwa kalendari ni siku 81. Lakini mutu aliyeandikiwa tu "siku 70" atahesabu majuma 10 na ataona imekwisha siku ya mungu. Kati ya hesabu hizi mbili, siku 11 zinapotea. Hakuna aliyeziiba. Ni mutafsiri aliyeona neno "ouvrables" ni refu, akaliruka.

Kwa hiyo tafsiri ya ule mustari ni "siku 14 za kazi, na siku 7 za kazi kwa kila mwaka", bila kupunguza. Namba zinabaki vile ziko. Hatuzigeuze kuwa majuma, hatuseme "karibu wiki mbili". Kama mutu anataka hesabu yake, tutaifanya naye kwenye kartasi, na tarehe aliyoingia kazi, si katika tafsiri.

Mustari ule ulikuwa tena na shimo lingine, na ndilo kubwa zaidi. Ku mwisho mnaona "... Voir plus". Haya si maneno ya mwenye kuandika. Ni Facebook inayosema: "kuko mengine, fungua." Foto ya ekra haifunguki. Unaweza kuifinya kidole mpaka kesho, itabaki foto. Maana yake tulitafsiri habari iliyokatwa kichwa ao mukia, na tukaituma sawa nzima.

Siku ya pili kijana wetu mumoja alitafuta ile habari yenyewe, akaikuta, akafungua ile "Voir plus". Mustari uliendelea hivi:

```
...pour les seuls agents dont le contrat est résilié.
Les 2 équipes restent sous contrat.
```

Maana yake: preavi ile ni kwa wale tu ambao kontra yao imevunjwa, na ekipe mbili zinabaki ndani ya kontra. Jibu la swali la kamarade wetu lilikuwa pale, nyuma ya maneno mawili ambayo hatukuyaangalia juu tuliona ni ya mashini. Konjelateri ilikuwa imeshakwenda.

Tangu siku ile tunaanza na pembeni za foto mbele ya kusoma katikati. Pembeni hazitafsiriwi, lakini zinasomwa. "Voir plus", ao kwa telefone ya Kiingereza "See more": habari haiko nzima, usitafsiri mpaka uipate nzima, na kama huipati, andika wazi "hapa imekatwa". Tena ile "3 j" ya juu: ni siku 3, lakini tangu lini? Tangu siku foto ilipokamatwa, si tangu siku ilipokufikia wewe. Foto inaweza kuzunguka grupu kumi katika mwezi muzima, na bado itasema "3 j". Kwa hiyo "dès lundi", kuanzia siku ya kwanza, ni siku ya kwanza gani? Safari hii ilikuwa kweli kesho yake. Lakini ile ilikuwa bahati, hatukuwa tumeuliza. Leo, aliyetutumia foto, tunamuuliza kwanza: uliikamata lini, wewe mwenyewe ao ulipewa? Na katika tafsiri tunaandika tarehe pembeni ya siku. Tena hapa kwetu "siku ya kwanza" peke yake mutu anaweza kuisikia sawa "mwanzo".

Tufike kwenye alama ya #, ile vijana wanaiita hashtegi. Sisi tulizitafsiri zote, na tulijisifu. #Cobalt ikawa #Kobalti, #RDC na #DRC tukaziunga pamoja kuwa #Kongo, na #TouchePasAMonPain ikawa #UsigusieMukateWangu. Kijana wetu alicheka, kisha akatueleza polepole.

Neno lenye # mbele si neno la kusoma tu, ni adrese. Ukiligusa na kidole, telefone inakupeleka mahali ambapo watu wote walioandika neno lile lile wamekusanyika. Herufi kubwa ao ndogo si kitu, zinasaidia tu jicho kutenganisha maneno. Lakini ukibadilisha herufi zenyewe, ni lupango lingine. #UsigusieMukateWangu, tuliigusa: hakukuwa mutu, sisi peke yetu. Kule kwingine kulikuwa na bakamarade wa migodi mingine wanaandika mambo yao, na sisi tuliwafungia watu wetu mulango.

Ile ya kuunga #RDC na #DRC ilikuwa ujinga wa pili. Ni inchi moja, lakini ni barabara mbili. #RDC inakusanya wanaosoma Kifaransa, wa kwetu na wa Kinshasa. #DRC inakusanya wanaosoma Kiingereza, na ndimo wako wanunuzi wa kobalti, wanahabari na vyama vya haki vya inje. Aliyeandika zote mbili alijua anachofanya: alitaka kilio chake kisikike pande mbili. Sisi tulimufunga kinywa kimoja.

Basi #, hatuigusi. Tunaiandika herufi kwa herufi, bila kuweka nafasi katikati, juu nafasi inaikata. Ukiandika #Touche Pas, adrese inabaki #Touche, na mengine ni maneno ya kawaida. Apostrofe pia inaikata. Lakini kuko hashtegi zenye kuwa jina tu, sawa #Kolwezi, na kuko zenye kuwa sentensi nzima. #TouchePasAMonPain ni sentensi: "usiguse mukate wangu". Mama asiyejua Kifaransa ana haki ya kujua ndani muko nini. Kwa hiyo # yenyewe inabaki, na chini yake tunaandika maana yake kwa Kiswahili, bila # mbele. Na tena hatuongeze # yetu ambayo mwenye kuandika hakuweka. Jina la sindika yetu chini ya maneno ya mutu mwingine, ni kumusemesha asichosema.

Imebaki mustari wa katikati, ule wa roho. "Tozali bato te ?" Ni Lingala, na ni swali: "Sisi si watu?" Sisi tuliandika "Sisi si watu" na tukasahau alama ya kuuliza. Angalia tofauti: yule analia anauliza, sisi tukamufanya akubali kama si mutu. Alama ndogo ile, kwa Kiswahili, ndiyo inayobeba kila kitu, juu maneno yenyewe hayabadiliki.

Na "Bana watakula nini ?", hii haikuwa na kazi yoyote ya kutafsiriwa. Ni Kiswahili chetu. Lakini mumoja wetu, aliyesoma mpaka diplome, aliona "bana" si Kiswahili cha masomo, akaisahihisha "watoto". Juu ya nini? Nani hapa Kolwezi hasikii "bana"? Tulifanya sauti ya mutu wa kambi ikuwe sauti ya radio. Mutu akisoma "bana watakula nini" anasikia jirani yake. Akisoma kile kingine anasikia tangazo. Kinachosikika tayari, kiache.

Kuko bakamarade watakaosema: "Nyinyi mnapoteza wakati. Watu wanaelewa Kifaransa kidogo, watumieni foto vile iko, kila mutu ajisomee." Tulifikiri juu ya hiyo. Kwa ukweli foto peke yake ni bora kuliko tafsiri mubaya. Lakini foto peke yake inamuacha mama nyuma ya mulango, na ataenda kumuuliza jirani, na jirani atatafsiri vile sisi tulitafsiri. Wengine wanasema kinyume: "Geuzeni yote, mpaka neno la mwisho, Kifaransa ni luga ya wakubwa." Hiyo nayo tunaikataa, na sababu yetu iko katika ile kartasi ya "départ volontaire" waliyomutolea kamarade.

Unaweza kuitafsiri: "kuondoka kwa kupenda". Maneno ni mazuri, hakuna kosa la luga. Lakini waulizeni wazee wa Gécamines. Mwaka 2003 kulikuwa operesheni yenye jina lile, "départs volontaires", na makuta ya Banki ya Dunia ndani. Wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka. Watu walikuwa wamekaa muda murefu bila mushahara, na ndipo wakaletewa kartasi ya "kupenda". Mpaka leo, Likasi, Kipushi, Kolwezi, ukisema maneno yale mawili ya Kifaransa, muzee anajua mara moja unasema nini, na anakuambia utunze biki yako. Ukimuambia "kuondoka kwa kupenda", hasikie kitu. Tafsiri ingelifuta kumbukumbu yote ile na kuacha paka neno "kupenda", na ndilo neno ambalo kampuni inalitaka. Hili ni jina lenye historia, linabaki vile liko. Pembeni tunaandika: "ukisinya hii, ni wewe unayetoka mwenyewe, hakuna aliyekufukuza, usisinye mbele ya kuonana na delege."

Na kamarade wetu hakusinya. Ekipe yake ilikaa nyumbani, kisha ikaitwa. Bado anatumika.

Hivi ndivyo tunavyofanya sasa, na tunaomba badelege wa mahali pengine waangalie kama inawafaa. Tunatuma foto yenyewe kwanza, bila kuandika juu yake, bila kukata. Tunafunika tu jina na foto ya mufanyakazi kama ni mutu wetu anayeweza kuazibiwa. Chini yake tunaweka tafsiri, mustari kwa mustari, ili mutu mwenye Kifaransa aweze kutukosoa. Na chini kabisa, peke yake, tunaandika "Neno letu". Hapo tu ndipo tunaposema tunachofikiri: kama habari imekatwa, kama hesabu haieleweki, kama tunangoja kartasi ya kampuni. Kama mwenye kuandika amekosea, tunatafsiri kosa lake vile liko na tunasema kosa lile katika "Neno letu". Hatumusahihishi ndani ya kinywa chake.

Ile foto ya kwanza, leo tungeituma hivi:

"#Kolwezi: ekipe mbili ziko katika 'chômage technique' (kazi imesimama kwa muda, kontra bado iko) kuanzia siku ya kwanza. Sisi si watu? Bana watakula nini? #Cobalt #RDC #DRC #TouchePasAMonPain (usiguse mukate wangu). Preavi ni siku 14 za kazi, na siku 7 za kazi kwa kila mwaka, kwa wale tu ambao kontra yao imevunjwa. Ekipe mbili zinabaki ndani ya kontra.

Neno letu: hatujaona kartasi ya kampuni. Kesho saa mbili asubui tunaenda kuiomba. Mbele ya hapo, mutu asisinye kitu, na asiuzishe kitu."

Ingetuchukua nusu saa zaidi ile usiku. Mama yule tumemuendea, tumemuomba musamaha mbele ya bwana yake. Alitukaribisha vizuri, akatupa viti. Tuliomba maji ya kunywa. Akatuambia: "Iko, lakini haiko ya baridi."